Mbegu 14 kwa 11: swali la utafiti, nadharia tete na nadharia tete sifuri

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaoanza kuandika mapendekezo ya utafiti

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wetu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema, najua wengine mmetoka mbali.

Wiki mbili zilizopita nililetewa pendekezo la utafiti nilisome. Mwandishi wake ni mwanafunzi mwenye bidii, naye ameniruhusu nitumie mfano wake bila kumtaja jina. Ukurasa wa tatu ulikuwa hivi. Swali la utafiti: "Je, kuloweka mbegu za bamia kunasaidia kuota?" Nadharia tete: "Kuloweka mbegu za bamia kunasaidia kuota." Nadharia tete sifuri: "Kuloweka mbegu za bamia hakusaidii kuota."

Mnaona kilichotokea. Ni sentensi ileile, mara imeulizwa, mara imekubaliwa, mara imekanushwa. Ukurasa wa namna hii nimekutana nao mara nyingi sana, na simlaumu anayeuandika. Sisi walimu ndio tunaowapa fomu yenye vichwa vitatu na nafasi tatu za kujaza, bila kuwaeleza kwamba kila nafasi ina kazi yake, na kwamba kazi hizo hufanywa kwa nyakati tofauti za mradi. Leo nataka tubaki na mbegu hizi za bamia mpaka tuzielewe. Sitaleta mradi mwingine mkubwa.

Tuanze na swali. Mkulima yeyote wa mboga atakwambia kwamba mbegu ya bamia ina ganda gumu, na wengi huiloweka usiku kucha kabla ya kupanda. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kweli na lina faida. Lakini "kunasaidia kuota" ni maneno mapana. Kusaidia vipi? Mbegu nyingi zaidi ziote, au zilezile ziote mapema? Kulowekwa kwa muda gani? Zikilinganishwa na zipi? Mbegu ikitoa mzizi tu chini ya udongo, imeota au bado? Ukiacha maswali haya wazi, siku ya kuhesabu utajikuta umesimama mbele ya kikombe chenye kijikia cheupe, hujui uandike nini kwenye daftari. Na hapo, bila kukusudia, mkono utaandika kile moyo unachokitaka.

Tulikaa naye na swali likawa hivi: "Kati ya mbegu za bamia zilizolowekwa kwenye maji ya kawaida usiku kucha na zile zilizopandwa kavu, je, kuna tofauti katika idadi ya zinazotokeza juu ya udongo ndani ya siku 7?" Ni refu kidogo, lakini linakutuma kazini. Limekwambia ulinganishe nini na nini, uhesabu nini, na uache lini kuhesabu. Swali bado halina upande. Mtu anayeamini kuloweka na mtu asiyeamini wanaweza kukaa meza moja wakakubaliana kwamba hilo ndilo swali.

Hapo niseme jambo moja kwa wale wa fasihi, isimu na historia, maana nawaona wameanza kuhangaika. Mradi unaweza kuishia kwenye swali, ukawa mradi kamili. Mwenzenu anayetaka kujua wavuvi wa Kilwa wanatumia maneno gani kutaja pepo na majira, na maana zake zinatofautiana vipi kati ya wazee na vijana, hahitaji kubuni nadharia tete sifuri ili fomu ijae. Anakwenda kusikiliza. Nimewahi kuona pendekezo kuhusu methali limeandikiwa "hakuna uhusiano kati ya methali na jamii" kwenye nafasi ya nadharia tete sifuri. Sentensi hiyo haipimwi na chochote kilicho ndani ya utafiti ule. Kama hamna kitu mtakachokihesabu au kukipima na kukilinganisha, mwambieni msimamizi wenu waziwazi kwamba mradi unaongozwa na maswali, na muwe na sababu zenu.

Sasa nadharia tete. Kwa Kiswahili jambo tete ni jambo linaloweza kuvunjika ukiligusa vibaya, na ndiyo sababu napenda jina hili. Nadharia tete ni jibu unalolitabiri kabla ya kuona matokeo, ukalisema kwa namna ambayo matokeo yanaweza kulivunja. Inabeba mambo mawili ambayo swali halikuwa nayo: upande na sababu. Mwanafunzi wetu hatimaye aliandika: "Mbegu zilizolowekwa usiku kucha zitatokeza kwa wingi zaidi ndani ya siku 7 kuliko zilizopandwa kavu, kwa kuwa ganda gumu la bamia huchelewesha maji kuingia, na mbegu haianzi kuota mpaka ifyonze maji ya kutosha."

Sikilizeni ile sehemu inayoanzia "kwa kuwa". Wengi huiacha, na bila hiyo utabiri unakuwa kubahatisha. Ukiwa nayo, unapata hata njia ya kwenda mbele: kama sababu ni ganda, basi mbegu iliyokwaruzwa ganda nayo ingepaswa kuwahi. Nadharia tete yenye sababu inazaa jaribio la pili.

Tukifika hapa watu huwa wametulia. Ugumu unaanzia kwenye ile ya tatu, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Jina la nadharia tete sifuri lilitumiwa na Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu namna ya kupanga majaribio. Alilieleza kwa mfano wa chai. Kuna bibi anayesema akionja chai anaweza kutambua kama maziwa yalitiwa kikombeni kabla ya chai au baada yake. Kwetu, ambako maziwa na majani mara nyingi huchemshwa sufuria moja, madai haya yanashangaza kidogo, lakini hesabu yake ni nzuri mno.

Fisher anapanga vikombe 8. Vinne maziwa yametangulia, vinne chai imetangulia. Mpangilio wa kumpelekea umepigiwa kura, na bibi anajua kwamba viko vinne vinne. Kazi yake ni kuvitaja vile vinne ambavyo maziwa yalitangulia. Sasa jiulizeni: kama bibi huyu hana uwezo wowote, anabahatisha tu, tungetarajia nini? Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70. Moja tu kati ya hizo ndiyo sahihi kabisa. Kwa hiyo anayebahatisha atapatia vyote mara 1 katika 70. Lakini kupatia vitatu na kukosa kimoja kunawezekana kwa njia 16. Jumlisha ile moja, unapata 17 katika 70, karibu robo. Ndiyo kusema, bibi akipatia vyote, ni vigumu kuendelea kusema anabahatisha. Akipatia vitatu kati ya vinne, hajatushawishi, maana hata mtu asiyejua lolote angefika hapo karibu mara moja kwa kila mara nne.

Angalieni kazi iliyofanyika hapo. "Bibi anabahatisha tu" ndiyo nadharia tete sifuri. Fisher hakuiandika kwa sababu aliiamini, wala haikuwa maoni ya mtu mwenye kukata tamaa. Aliiandika kwa sababu ndiyo sentensi pekee inayokubali kuhesabiwa. Ukisema "bibi ana uwezo", huwezi kuhesabu lolote mpaka useme uwezo kiasi gani. Ukisema "hana kabisa", mara moja unajua bahati peke yake ingeleta nini, na mara ngapi.

Turudi kwenye bamia. Sentensi ya mwanzo, "kuloweka hakusaidii kuota", haikufaa. Ukiitazama vizuri, inajumuisha pia hali ambayo kuloweka kunadhuru mbegu, na haina kipimo. Tukaandika: "Uwezekano wa mbegu ya bamia kutokeza ndani ya siku 7 ni uleule, iwe imelowekwa usiku kucha au imepandwa kavu." Neno lenye uzito ni "uwezekano". Sentensi hii inazungumzia mbegu za aina hiyo kwa jumla, zile ulizopanda na zile ambazo hujapanda. Haizungumzii vikombe vilivyo mezani kwako.

Naomba mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote leo. Tuseme mwanafunzi wetu amepanda mbegu 40, kila moja kwenye kikombe chake, 20 zimelowekwa na 20 kavu. Siku ya 7 anahesabu: zilizolowekwa zimetokeza 14, kavu zimetokeza 11. Anakuja ofisini mbio, ananiambia, "Mwalimu, nadharia tete sifuri ilisema hakuna tofauti. Mimi nimepata tofauti ya mbegu tatu. Kwa hiyo nimeikataa."

Hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko mengine yote. Nadharia tete sifuri haijasema kwamba hesabu mbili zitalingana. Chukua mbegu 40 za pakiti moja, zigawe mafungu mawili bila kuzifanya lolote, uzipande. Mafungu hayo ni nadra kutoa idadi ileile, kwa sababu mbegu zenyewe hazifanani: nyingine nzima, nyingine imeliwa ndani. Basi swali la kweli ni hili: kama kuloweka hakuna kazi yoyote, je, tofauti ya mbegu tatu ni jambo la kushangaza?

Hilo unaweza kulijibu bila kompyuta. Kata vikaratasi 40. Jumla ya mbegu zilizotokeza ni 25, kwa hiyo andika "imeota" kwenye vikaratasi 25 na "haijaota" kwenye 15 vilivyobaki. Vichanganye, chota 20 bila kuangalia, uviite "fungu la kwanza". Hesabu vikaratasi vya "imeota" katika fungu hilo na katika lile lililobaki. Rudisha, changanya, chota tena. Unachokifanya ni kuigiza dunia ambamo nadharia tete sifuri ni kweli: mbegu 25 zingeota vyovyote vile, na kulowekwa ni jina tu ulilolibandika kwa bahati.

Hesabu kamili ya mchezo huo inajulikana. Katika kila mara 100 za kuchota, takribani mara 51 utapata tofauti ya mbegu tatu au zaidi, upande mmoja au mwingine. Zaidi ya nusu! Ukihesabu zile tu ambazo fungu la kwanza ndilo linaloongoza, ni mara 26 hivi. Kwa hiyo matokeo ya 14 kwa 11 ni ya kawaida kabisa katika dunia ambamo kuloweka hakuna kazi. Watafiti wengi huweka mpaka wa mara 5 katika 100, yaani huikataa nadharia tete sifuri pale tu bahati ingeleta tofauti kama hiyo mara chache kuliko hapo, nao huuweka kabla ya kuanza. Sisi tuko mbali sana na mpaka huo. Hatuwezi kuikataa nadharia tete sifuri.

Mara nyingine uso wa mwanafunzi hubadilika hapo, kisha anaandika kosa la pili: "Utafiti umethibitisha kwamba kuloweka hakuna tofauti." Hapana. Hukuthibitisha hilo. Fisher mwenyewe alilisema wazi mwaka ule wa 1935, kwamba nadharia tete sifuri haithibitishwi kamwe na jaribio. Inaweza kukataliwa, au inaweza kubaki haijakataliwa. Bibi akipatia vikombe vitatu, hatusemi tumethibitisha hana uwezo. Tunasema jaribio halikutosha kutuambia.

Na jaribio letu kweli halikutosha. Hebu tuchukulie kwamba kuloweka kunafanya kazi, na kwamba kiwango halisi ni 70 katika 100 kwa zilizolowekwa na 55 katika 100 kwa kavu, yaani uwiano uleule tulioupata. Ili uwe na nafasi ya 80 katika 100 ya kuiona tofauti hiyo ikivuka mpaka, unahitaji takribani mbegu 160 kwa kila upande. Yeye alikuwa na 20. Ni kama kutafuta sindano gizani kwa njiti moja ya kiberiti, halafu uape kwamba haipo. Kama angepanda mbegu 200 kila upande akapata 140 kwa 110, uwiano haukubadilika hata kidogo, lakini katika dunia ya vikaratasi tofauti kama hiyo ingetokea chini ya mara 5 katika 1,000. Hapo angekuwa na haki ya kuikataa nadharia tete sifuri.

Ndiyo sababu nawasihi muandike nadharia tete sifuri kabla ya kununua mbegu. Ukiwa nayo mapema unaweza kucheza mchezo wa vikaratasi kwa matokeo ya kufikirika, uone kama idadi uliyopanga ina uwezo wa kukuambia chochote. Nimewahi kusimamia mradi ambao tuligundua jambo hili wiki moja kabla ya kuwasilisha. Kosa lilikuwa langu pia, nilipaswa kuliuliza mwanzoni, na hadi leo linaniuma, kwa sababu kijana yule alimwagilia vikombe vyake kila alfajiri kwa kazi ambayo isingeweza kumpa jibu.

Tuseme basi umefanikiwa na umeikataa. Je, sasa nadharia tete yako, ile yenye "kwa kuwa", imethibitika? Polepole. Mwaka mmoja mwanafunzi mwingine alipanga vikombe vya mbegu zilizolowekwa vyote kwenye ubao ulio karibu na dirisha, na vya mbegu kavu vyote ndani, karibu na mlango. Tofauti ilikuwa kubwa na hesabu ilivuka mpaka bila shaka. Lakini kilichokataliwa ni sentensi inayosema mafungu yale mawili yana uwezekano uleule. Ni maji ndiyo yaliyoyatenganisha, au ni joto la dirishani? Hesabu haiwezi kukuambia. Kinachoweza kukuambia ni kupiga kura: kila kikombe kipate namba, na namba ndiyo iamue kikombe kiwekwe wapi, ili zilizolowekwa na kavu zichanganyike ubaoni. Ndiyo maana Fisher alipiga kura mpangilio wa vikombe vya chai. Bila kura, hata zile njia 70 hazina maana.

Na hata ukipiga kura vizuri, umeonyesha kwamba kuloweka kunaongeza kuota. Hujaonyesha kwamba sababu ni ganda. Hilo ni dai jingine, linahitaji ile mbegu iliyokwaruzwa.

Kuna suala la upande, nalipitia haraka. Nadharia tete yetu ilisema zilizolowekwa zitazidi. Kwa hiyo mtu anaweza kutumia ile hesabu ya 26 badala ya 51, akihesabu upande mmoja tu. Inaruhusiwa, kama uliandika upande huo kabla ya kupanda na kama uko tayari kukaa kimya mbegu kavu zikishinda kwa mbali. Mimi huwashauri wanafunzi wahesabu pande zote mbili, kwa sababu mbegu iliyokaa majini muda mrefu inaweza pia kukosa hewa na kuoza, na hilo nalo ungependa kuliona.

Lisilokubalika ni kuchungulia matokeo kwanza, kisha kurudi sura ya kwanza kurekebisha nadharia tete ili ifanane nayo. Nawaelewa, shinikizo lipo, na wengine wanaamini kwamba nadharia tete iliyokataliwa na matokeo inapunguza alama. Kwangu haipunguzi hata moja. Lakini ukiiandika upya baada ya kuona, ile hesabu ya vikaratasi inakufa, kwa sababu ilikuwa ikiuliza bahati ingeweza kukipata mara ngapi kile ulichokitaja mapema. Wewe hukutaja kitu mapema. Msimamizi makini huligundua kwa kulinganisha pendekezo la mwanzo na ripoti ya mwisho, na kwa kuona kwamba utabiri wote umetimia, hata ule wa ajabu.

Sasa, mwanafunzi wetu mwenye 14 kwa 11 aandike nini kwenye hitimisho? Tuliandika naye hivi: "Kati ya mbegu 20 zilizolowekwa, 14 zilitokeza ndani ya siku 7, kati ya 20 kavu, 11. Tofauti ya ukubwa huu hutokea mara kwa mara kwa bahati tu, kwa hiyo nadharia tete sifuri haikukataliwa. Idadi ya mbegu ilikuwa ndogo mno kuweza kutambua tofauti ya kiasi hiki, hivyo swali la utafiti halijapata jibu." Kisha akapendekeza mbegu 160 kila upande kwa msimu ujao. Mimi ningempa alama za juu kwa aya hiyo.

Nimesema mengi kuhusu vikaratasi, na msikubali namba zangu kwa sababu tu nimesimama mbele. Nimekata 40 jana usiku, vimo ndani ya bahasha hii: 25 vya "imeota", 15 vya "haijaota". Aliye mwanzo wa mstari wa mbele achote 20 bila kuangalia, ahesabu, aandike ubaoni fungu lipi limezidi na kwa ngapi, avirudishe vyote, avichanganye vizuri, ampe jirani yake. Tuko karibu 60 humu ndani. Tukimaliza, tutahesabu pamoja ni wangapi wamepata tofauti ya tatu au zaidi bila kuloweka hata mbegu moja.